Yogati Hewa

Kwa kompyuta, yogati za vanila zilikuwa 31. Kwa friji kulikuwa na pengo jeupe, na kibandiko cha bei cha shilingi 70 kikining'inia chini yake.

Hiyo ilikuwa wiki yangu ya pili katika ofisi ya stoo ya supamaketi moja hapa Nairobi. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kwa tili miezi mitano, kazi niliyoipata baada ya kuacha chuo. Nilidhani nimepandishwa cheo. Kumbe nimepewa kazi ya kutafuta vitu ambavyo havipo.

Sisi Wakenya tunajua wafanyakazi hewa, wale wanaolipwa mshahara na hakuna aliyewahi kuwaona. Stoki hewa ni ndugu yao. Rekodi inasema kitu kiko, shelfu inasema hakiko. Ukisikia hivyo haraka utadhani ni hasara ya hizo pakiti 31 tu. Hapana. Shida kubwa ni kwamba kompyuta ndiyo iliyokuwa inaagiza. Vanila ikishuka chini ya 24, oda inaenda yenyewe kwa msambazaji. Sasa kama mfumo unaamini ziko 31, utaagiza za nini? Na kwa sababu hakuna kitu kwa friji, hakuna mteja anayenunua, kwa hivyo 31 inabaki 31. Kesho 31. Jumatatu 31. Friji ingekaa tupu hadi binadamu aende ahesabu kwa kidole. Mteja naye haji kulalamika. Anachukua maziwa lala, anaenda zake.

Mzee aliyenifundisha kazi alinionyesha namna ya kuwinda hizi hewa. Kila asubuhi kabla milango ifunguliwe, alichapa orodha ya bidhaa ambazo mfumo unasema ziko lakini hazijauzwa siku kadhaa. Hiyo tu. Vanila ilikuwa inatoka kama nane kwa siku. Kitu cha nane kwa siku kikikaa siku tatu bila kuuzwa hata kimoja, watu hawajaacha kupenda vanila ghafla. Hakipo. Unatembea na orodha, unaangalia shelfu, halafu stoo ya nyuma, halafu kile kikapu cha vitu wateja walivyoacha kwa tili. Ukikosa pote, unarekebisha rekodi iwe sufuri na oda inaondoka siku hiyohiyo.

Ujanja uko kwa idadi ya siku. Mswaki unaouzwa mmoja kwa siku, kwa wastani, unaweza kukosa mnunuzi leo na isiwe habari. Hiyo inatokea zaidi ya mara moja kwa kila siku tatu, kama wateja wanakuja tu bila mpango. Lakini siku saba mfululizo bila kuuzwa ni kama mara moja kwa elfu. Hapo sasa unainuka kwa kiti. Na kitu kinachouzwa kimoja kwa mwezi, kama ile grisi ya cherehani iliyokuwa pembeni, orodha haiwezi kukusaidia. Huyo unamhesabu tu. Pia orodha haioni hewa ya nusunusu: rekodi 40, shelfu 17, mauzo yanaendelea vizuri, kila mtu ana furaha hadi ya mwisho iishe.

Nilizoea kufikiri hii ni fujo ya duka letu. Lakini Nicole DeHoratius na Ananth Raman, katika utafiti waliochapisha 2008, walikagua rekodi karibu 370,000 kutoka maduka 37 ya kampuni moja kubwa. Asilimia 65 hazikulingana na kilichokuwa dukani. Nilipoisoma niliskia ahueni fulani, halafu nikakumbuka yule mama wa friji.

Maana duka letu lilikuwa na jibu lake kwa stoki hewa: anayesimamia shelfu alipe. 31 mara 70 ni 2,170, ikatwe kwa mshahara. Mama wa friji alikuwa mtu mzima, wa kuniita kijana wangu, na supavaiza alikuwa ameanza kumkagua mkoba jioni mbele yetu sote. Yeye hakubishana. Alisema tu, "Kijana wangu, mimi hata hiyo vanila sinywi."

Nikaamua kuhesabu friji yote, siyo pengo peke yake. Na stroberi ikanishangaza. Kwa mfumo zilikuwa 6. Kwa friji nilihesabu 35, zingine zimebakisha siku mbili ziharibike, na kwa kuwa mfumo uliona 6, ulikuwa umeagiza zingine asubuhi hiyo. Hesabu sasa: vanila imepungua 31, stroberi imezidi 29. Ukizijumlisha, zilitakiwa ziwe 37, zipo 35. Mwizi gani huyu anaiba vanila na kurudisha stroberi?

Aliyefanya hivyo ni keshia. Mteja analeta sita, tatu vanila na tatu stroberi, bei moja, saizi moja, foleni imefika kwa mikate. Keshia anachukua ya juu, anaandika 6, anabonyeza kitufe cha kuzidisha, anaskani mara moja. Pesa iko sawa, risiti iko sawa, mteja ameenda. Lakini stroberi imepoteza sita kwa rekodi badala ya tatu, na vanila tatu zimeondoka dukani bila mfumo kujua. Hizo tatu ndizo hewa. Kwa kuwa droo ya pesa inalingana jioni, hakuna anayeshtuka.

Nilifungua rekodi za tili, nikatafuta stroberi zilizoskaniwa kwa kuzidisha. Zilikuwa nyingi, karibu zote za saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili. Kando ya kila mstari kuna namba ya keshia. Mistari miwili ilikuwa ya msichana wa tili ya tatu. Mingine yote ilikuwa yangu.

Nilikaa na hiyo karatasi muda, walai. Ningeweza kurekebisha vanila iwe 0 na stroberi iwe 35 na kufunga dirisha. Mfumo hauulizi kwa nini. Hiyo ndiyo shida ya marekebisho: namba inapona, ugonjwa unabaki kwa tili. Nikaipeleka kwa meneja pamoja na namba yangu ikiwa imezungushiwa kalamu. Alisoma, akaguna, akafuta zile 2,170. Siku iliyofuata kitufe cha kuzidisha kikafungwa kwa vitu vyote vya ladha tofauti, na foleni ya jioni ikafika hadi kwa unga. Zile mbili zilizosalia zilikuwa zimepasuka na kutupwa bila kuandikwa. Nikalipa 140.

Mama wa friji alikuja ofisini wakati wa chai. Hakuniuliza ni nani aliyekosea, nadhani alishaambiwa. Aliuliza, "Na zile 12 za mwezi wa pili? Nilikatwa 840."

Mwezi wa pili nilikuwa kwa tili. Ilinichukua dakika tano kuziona, stroberi, stroberi, stroberi, namba yangu. Meneja akasema vitabu vya mwezi huo vimeshafungwa.

Nilimpa 500 siku hiyo. 340 nilimpa mwisho wa mwezi, akazihesabu mbele yangu, noti kwa noti, halafu akarudi kupanga friji.