Kana Kwamba, Isije, na Pengo la Kitenzi

Vijana ninaofanya nao Kiingereza jioni hapa Tororo wanajua kanuni nyingi, lakini kwenye mazoezi ya kujaza pengo alama zinawapotea mahali pamoja: baada ya "as if", "as though" na "in case". Si kwamba hawasomi. Ni kwamba Kiswahili chetu kinawaelekeza kwingine.

Chukua sentensi hii kuhusu mbadilisha pesa wa pale mpakani Busia: "He has only a stool and a small bag, but he talks as if he ____ the whole border." Kitenzi ni "own". Wengi wanaandika "owns", na sababu yao ni nzuri: sisi tunasema "anaongea kana kwamba anamiliki mpaka wote", wakati uliopo. Neno "kana kwamba" lenyewe limeshamaliza kazi ya kusema kwamba huo ni uongo. Kiingereza kinapenda kuliweka jambo hilo ndani ya kitenzi. Jibu linalotakiwa ni "owned".

Hapo wanauliza: mbona wakati uliopita, na jamaa anaongea sasa hivi? Mimi nawarudisha kwenye -nge-. Tukisema "ningekuwa na pesa ningevuka leo", hakuna anayeuliza ni pesa za jana au za leo. Tunasikia tu kwamba pesa hazipo. "Owned" hapa inafanya kazi hiyohiyo: haielezi jana, inaeleza umbali kutoka kwenye ukweli. Ndiyo maana utaona pia "as if he were the President". Kwa mazungumzo "was" inapita, ila kwenye mtihani "were" ni salama zaidi.

Lakini usiweke wakati uliopita kila unapoona "as if". Mawingu yakijaa juu ya Mwamba wa Tororo, tunasema: "It looks as if it is going to rain." Mvua hiyo inakuja kweli, basi kitenzi kinabaki cha sasa. Kipimo chetu ni kuongeza "na kumbe si kweli" mwishoni. "Anaongea kana kwamba anamiliki mpaka, na kumbe si kweli": inakubali, weka uliopita. "Inaonekana mvua itanyesha, na kumbe si kweli": inagoma, weka uliopo. Mtungaji mzuri wa swali huacha dalili, kama kile kistuli na kibegi. Asipoacha dalili, majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi, kwa sababu watu wanaongea "as if he owns" kila siku. Na "as though" usiihangaikie, inafuata njia ileile.

"In case" ni habari nyingine, na hii inagusa maisha. Kijana mmoja wa darasani alisoma maelezo yaliyosema: "Carry your card in case the officer asks for it." Akaelewa: beba kadi ikiwa afisa ataiomba. Wiki iliyotangulia hakuombwa, basi akaiacha nyumbani. Njiani kuelekea Busia akaombwa. Alikaa kando ya barabara saa nyingi mpaka kaka yake alipoileta kwa boda boda.

Sentensi ile haikusema "ikiwa". Ilisema: beba kadi, afisa asije akaiomba ukawa huna. Kwa "if" unasubiri jambo litokee ndipo ufanye. Kwa "in case" unafanya kwanza, litokee lisitokee. Kinachotuchanganya ni yale mabango ya "in case of fire". Hapo pana "of" na nomino, na maana yake kweli ni "moto ukitokea". Ikifuata sentensi kamili yenye mtendaji na kitenzi, fikiria "isije".

Ukishaipata maana, pengo linajazika. "Carry your card in case the officer ____ for it": andika "asks". Tendo ni la baadaye, lakini "will ask" haiingii hapo, na vijana huiandika kwa sababu wanatafsiri "ataomba". Sentensi ikianza na jambo lililopita, kama "I carried my card in case the officer ____ for it", andika "asked". Na uliopita huu ni wa kawaida kabisa, wa jana, si ule wa umbali wa "as if". Hausemi kwamba afisa hakuomba. Huenda aliomba, huenda alikupungia mkono tu upite. Sentensi inasema jambo moja: ulitoka nyumbani na kadi mfukoni.