Hesabu ya Mara Kumi na Mbili

Ukiwaambia watu kwamba unachukua likizo ya masomo ya mwaka mmoja bila mshahara, wanakupigia hesabu hapo hapo. Mshahara mara kumi na mbili, basi. Dada yangu mkubwa alinipigia yake tukiwa tunapanda matatu ya Komarock: "Elfu themanini mara kumi na mbili ni 960,000. Na bado utalipa ada? Wewe una roho ngumu."

Roho sina. Nilikuwa na miaka 32, kazi ya serikali, chumba na sebule karibu na Spine Road, na ngazi ya kazi iliyosimama mahali ambapo huwezi kupanda tena bila shahada ya uzamili. Masomo niliyotaka yalikuwa ya mchana, ya maabara, kwa hivyo ile njia ya kusoma jioni baada ya kazi haikuwepo. Ilibidi niamue kama mwaka 2025 ningeukalia darasani au ofisini. Na kabla ya kuamua nilitaka kujua bei yake halisi, kwa sababu ile hesabu ya dada, hata kama ni rahisi kukumbuka, ina kasoro mbili. Inahesabu pesa ambazo hazikuwa zangu, na inaacha pesa ambazo zingekuwa zangu.

Tuanze na zile ambazo hazikuwa zangu. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 60,000, na marupurupu ya nyumba na usafiri yaliongeza 20,000. Kwa karatasi hiyo ni 80,000, lakini 80,000 haijawahi kulala kwa akaunti yangu hata usiku mmoja. Ukitoa pensheni, kodi ya mshahara, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, mkononi zilibaki kama 58,000. Kwa hivyo mwaka bila mshahara ulininyima 696,000, si 960,000. Kodi ambayo singelipa siwezi kuililia.

Sasa zile zilizoachwa. Hapa ndipo Mzee mwenye nyumba wetu alipoingia. Ni mstaafu wa serikali, mmoja wa wale walionunua nyumba Komarock kwa mkopo zamani na baadaye wakaongeza orofa juu ya ile nyumba ya chini. Siku nilipompelekea kodi nikamgusia mpango wangu, akaweka chini gazeti. "Mwanangu," akasema, "usikate miezi ya utumishi. Kila mwezi unahesabiwa."

Alikuwa sawa, kwa mpango wake. Katika pensheni ya zamani ya serikali, mfanyakazi hakuwa na akaunti yake ya kuwekea chochote. Hazina ilimlipa kwa kanuni: mshahara wa mwisho, mara miezi aliyotumikia, ukigawanya kwa 480. Mwaka mmoja ni miezi 12, na 12 juu ya 480 ni asilimia 2.5. Mtu aliyestaafu na mshahara wa 100,000, akiwa ameruka mwaka mmoja, alipoteza 2,500 kila mwezi mpaka siku ya kufa. Na ilikuwa ni mamoja aliruka mwaka gani, awe na miaka 28 au 50. Kilichohesabiwa ni idadi ya miezi na mshahara wa mwisho.

Mimi siko kwa mpango huo. Januari 2021 ulianza mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma, na sisi tuliokuwa chini ya miaka 45 tuliingizwa moja kwa moja. Mfanyakazi alianza kukatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi, mwaka wa pili asilimia 5, na kuanzia mwaka wa tatu asilimia 7.5. Serikali nayo inaweka asilimia 15. Pesa zinaingia kwa akaunti yenye jina lako, zinawekezwa, na utakachokuta uzeeni ni kile kilichoingia pamoja na kilichozaa.

Hebu tuweke kwa shilingi. Asilimia 7.5 ya 60,000 ni 4,500. Asilimia 15 ni 9,000. Kila mwezi zilikuwa zinaingia 13,500, na kwa mwaka ni 162,000. Likizo ikianza, mshahara unasimama, na asilimia ya sufuri ni sufuri, kwako na kwa mwajiri. Angalia pia nani aliyebeba mzigo mkubwa: 108,000 kati ya hizo zilikuwa za serikali. Hizo hazijawahi kuonekana mkononi mwangu, kwa hivyo ni rahisi kudhani sikuzipoteza.

Tofauti nyingine na mpango wa Mzee ni kwamba hapa mwaka unaoruka una uzito tofauti kulingana na umri. Nikirudi kazini nikiwa na miaka 33, kuna miaka 27 mpaka 60. Tuseme uwekezaji unazaa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei. Hiyo ni makadirio yangu, hakuna aliyeniahidi. Kwa makadirio hayo, zile 162,000 zingekuwa kama 467,000 kwa thamani ya pesa za leo. Mtu wa miaka 50 akiruka mchango wa kiasi hicho hicho, zimebaki miaka tisa tu, na pengo lake ni kama 230,000. Shilingi ya ujanani ina muda mrefu wa kuzaa, na ndiyo maana kuiruka kunauma zaidi.

Kuna jambo la tatu, na hili hata Mzee hakulitaja. Barua yangu ya ruhusa ilikuwa na sentensi moja fupi: kipindi cha likizo hakitahesabiwa kwa nyongeza ya mwaka wala kwa pensheni. Nyongeza yangu ilikuwa 2,400 kila Julai. Mtu anasoma hapo anasema, aah, 2,400 tu. Lakini nyongeza ya kazi ya serikali ni ngazi, na ukikosa kidato kimoja hurukii cha pili. Mwenzangu tulioajiriwa siku moja alipanda mpaka 62,400 Julai 2025 nikiwa maabara. Julai 2026 mimi nafika 62,400, yeye anafika 64,800. Nitamfuata hivyo hivyo, hatua moja nyuma, mpaka agonge dari ya daraja letu, ambayo ni 72,000, Julai 2029. Mimi nitaigonga Julai 2030.

Kwa hivyo kuanzia Julai 2025 mpaka Juni 2030 kuna miezi 60 ambayo kila mmoja una upungufu wa 2,400. Baada ya makato, mkononi hiyo ni kama 1,480 kwa mwezi, jumla karibu 89,000. Na kwa sababu pensheni ni asilimia ya mshahara wa msingi, pengo linatoboa huko pia: 540 kwa mwezi, jumla 32,400.

Angalau mimi nina dari. Siku nitakapoigonga, pengo linaziba. Rafiki yangu wa Kayole anafanya kazi kwa kampuni binafsi ambako nyongeza ni asilimia ya mshahara uliopo. Yeye akiruka mwaka wa asilimia 5, nyongeza zote zinazofuata zinapigwa juu ya mshahara mdogo kuliko ule angekuwa nao. Asipopandishwa cheo au kubadilisha kazi, pengo lake linaweza kumfuata mpaka siku ya kustaafu. Likizo ya aina moja, lakini bei tofauti.

Jumlisha zangu sasa. Mshahara wa mkononi 696,000, nyongeza 89,000, pensheni ya mwaka 162,000 na ile iliyotobolewa na nyongeza 32,400. Ni karibu 980,000, kabla ya ada na kabla ya kuhesabu jinsi pensheni ingekua. Ndiyo, inakaribia ile 960,000 ya dada, lakini kwa bahati tu. Yake inaisha siku mshahara wa kwanza unaporudi. Yangu inaonyesha kwamba shilingi karibu 280,000 ni za baadaye, kwa miaka ambayo watu watadhani mambo yameshatulia.

Kwa nini basi nilienda? Kwa sababu hesabu ina upande wa pili. Daraja linalofuata, lile linalotaka uzamili, lingeniongezea 15,000 kwa mshahara wa msingi. Baada ya makato hiyo ni kama 9,300 mkononi, na asilimia 22.5 kwa pensheni ni 3,375. Jumla 12,600 na ushee kwa mwezi. Ukigawanya 980,000 kwa hiyo unapata miezi kama 78, yaani miaka sita na nusu. Tuseme nafasi ya kupanda inachelewa miaka miwili baada ya kurudi: nitakuwa nimerudisha gharama nikiwa karibu miaka 42, na bado nina 18 ya kazi. Ningengoja mpaka miaka 45, hesabu hiyo hiyo ingeisha nikikaribia 55. Umri ule ule unaofanya pengo la pensheni liwe kubwa ndio unaonipa muda wa kulifidia. Lakini nafasi ikikosekana kabisa, karatasi itakuwa ukutani na 980,000 zitakuwa zimeenda. Hiyo hatari nimeibeba na macho wazi.

Baadhi ya pengo linazibika. Mpango wetu unaruhusu mchango wa hiari juu ya ule wa lazima. Nimeamua kuongeza 4,500 kila mwezi tangu nirudi Januari 2026, na kwa miezi 36 nitakuwa nimeweka 162,000. Watu waliniuliza kwa nini sikuweka wakati wa likizo. Mbali na kwamba pesa yenyewe haikuwepo, mchango wa pensheni unatolewa kwa mshahara kabla ya kodi kupigwa, mradi hujapita asilimia 30 ya mshahara wako wala 30,000 kwa mwezi. Bila mshahara hakuna kodi ya kupunguza. Nikiweka sasa, 4,500 inanitoka mkononi kama 3,150, kwa sababu 1,350 ingeenda kwa kodi. Ila jua kwamba hizi zote ni zangu. Zile 108,000 za serikali hazirudi kwa njia yoyote.

Ukiwa unafikiria njia hii, isome barua kabla ya kuitia sahihi, utafute neno "nyongeza" na neno "pensheni". Kumbuka pia kwamba mwajiri akiacha kulipa mshahara hakuna anayekukatia bima ya afya wala mkopo wa chama cha akiba: bima utalipa mwenyewe, kwa mwaka mzima mara moja, na mkopo ukikwama wanaoguswa ni wadhamini wako. Ukirudi, hati ya mshahara wa kwanza itakuonyesha kama uko kwa ngazi uliyoiacha, maana kuna watu hurudishwa chini yake kwa makosa ya kuandika. Kisha baada ya miezi mitatu omba taarifa ya akaunti yako ya pensheni. Ile ya kwangu ina miezi 12 ya sufuri, na chini yake Januari 2026: 4,500 yangu, 9,000 ya serikali, na 4,500 nyingine ya kuziba.