Herufi Tatu Nilizozitunga

Herufi zenyewe ni MKP. Nilizitunga mimi hapa Urambo, bila kuombwa na mtu, zikamponza mkulima mmoja msimu mzima wa mahindi. Naungama kwa sababu wafasiri wenzangu bado wanatunga za kwao, na kwa sababu aliyeumia hakunilaumu mimi. Alilaumu mbegu.

Chama kimoja cha msingi cha wakulima kilikuwa na mwongozo wa Kiingereza kuhusu mbolea za tumbaku na mahindi, kikaniomba niugeuze kuwa kipeperushi cha Kiswahili cha kurasa nne. Mwongozo ulijaa herufi: NPK, CAN, DAP, VFC na nyingine ambazo nilizitafuta usiku kucha. Nikajiwekea kanuni niliyoiona safi: kila kifupisho cha Kiingereza kifafanuliwe kwa Kiswahili mara ya kwanza kinapotokea, kisha kipewe kifupisho cha Kiswahili kitakachotumika hadi mwisho. Kiburi changu kilikuwa na mfano wa kukitetea. Si tunasema UKIMWI? Upungufu wa Kinga Mwilini ulibanwa ukawa neno, na leo wapo wanaolitumia bila kujua kwamba lilianza kama herufi. Nikajiambia, kama ugonjwa uliwezekana, mbolea itashindikanaje?

Basi mbolea ya kupandia ikawa MKP, na mbolea ya kukuzia ikawa MKK. Ukurasa wa kwanza ulieleza kwamba kwa mahindi MKP ni DAP na MKK ni CAN. Baada ya hapo sikuyataja tena majina yaliyochapwa kwenye mifuko. Ukurasa wa tatu uliweka jedwali zuri lenye mistari iliyonyooka: mahindi, ekari moja, MKP mfuko mmoja, MKK mfuko mmoja.

Kumbe MKP tayari ipo dukani. Ni mbolea ya chumvichumvi nyeupe inayoyeyuka kwenye maji, yenye fosfeti na potasiamu, na wakulima wa nyanya na mboga huinyunyizia kwenye majani au huipitisha kwenye mabomba ya matone. Pakiti yake huandikwa 0:52:34. Ile sifuri ya mwanzo ndiyo habari yote, maana ni nafasi ya naitrojeni, na naitrojeni hamna.

Mkulima wangu hakuwa mzembe. Kipeperushi alikuwa nacho, akalipiga picha jedwali la ukurasa wa tatu kwa simu na kumtumia kijana wake aliyekuwa Tabora mjini, amnunulie na kumpakilia. Kijana akaingia duka la pembejeo, akaonyesha picha, akauliza MKP. Muuzaji akampa MKP. Bei ikamshtua, kwa hiyo badala ya mfuko wa kilo 50 akachukua pakiti chache, akamweleza baba yake kwamba siku hizi mbolea ya kupandia inakuja kwa vipimo vidogo vyenye nguvu. Katika mnyororo huo wote sioni mtu aliyekosea ila mimi.

Tuipige hesabu hasara yenyewe. DAP ni 18:46:0, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo yanayokaribia 9,000, na mfuko mmoja hutoa kama gramu 5 na nusu kwa shimo, takriban kizibo cha soda. Yeye aligawa pakiti zake kwa kudonoa kwa vidole. Fosfeti ikawa kidogo mno, naitrojeni ikawa hakuna kabisa.

Mahindi yaliota vizuri, maana siku za mwanzo mche hula akiba ya mbegu. Kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano kutoka nchani, na umanjano huo ukafuata mshipa wa kati kuelekea shinani katika umbo la V. Hiyo ndiyo dalili ya njaa ya naitrojeni: mmea huinyonya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga. Njaa ya fosfeti hujionyesha kwa rangi ya zambarau kwenye kingo za majani, na hiyo nayo ilikuwepo hapa na pale. Bwana shamba alishauri CAN iwekwe mapema. Iliokoa kiasi, lakini mmea ulioanza na njaa haurudi kuwa kama ule ulioanza umeshiba.

Bwana shamba huyohuyo ndiye aliyekuja kwangu na kipeperushi mkononi. "Mwalimu," akaniuliza, "hii MKP umeitoa wapi?"

Nilijaribu kujitetea kwamba ukurasa wa kwanza unaeleza. Akafungua simu, akanionyesha picha ya jedwali jinsi ilivyokuwa imesambaa. Ukurasa wa kwanza haukuwemo. Kanuni ya kufafanua kifupisho mara ya kwanza kinapotajwa inamhusu msomaji anayeanza mwanzo na kusoma mpaka mwisho. Riwaya husomwa hivyo. Mwongozo wa mbolea hausomwi hivyo. Huchanwa, hubandikwa ghalani, hupigwa picha kipande, husomwa kuanzia pale penye namba. Kwa hiyo kila jedwali lazima libebe maelezo yake lenyewe, hata kama mhariri atanuna kwamba umerudia.

Lakini kosa la jedwali lilikuwa mtoto wa kosa kubwa zaidi. Nilichukulia vifupisho vyote kuwa kitu kimoja, kumbe hutofautiana kwa mahali vinapoishi. Herufi za DAP na CAN haziishi kwenye kitabu. Zimechapwa kwenye mfuko, na msomaji atasimama mbele ya rundo la mifuko akitafuta maandishi yanayofanana na ya karatasi yake. Herufi za namna hiyo hazitafsiriwi wala hazibadilishwi tahajia. Zinanakiliwa kama zilivyo, na Kiswahili huwekwa pembeni kueleza kazi: DAP, mbolea ya kupandia, CAN, mbolea ya kukuzia. Kumwambia mkulima kwamba CAN ni nitrati ya amonia yenye kalisi ni kweli, lakini hakumsaidii kujua aiweke lini.

Vipo vifupisho vinavyoishi midomoni mwa watu. AMCOS ni herufi za Kiingereza za chama cha ushirika cha kuuza mazao, ila huku kwetu ni neno la kawaida: AMCOS imelipa, AMCOS haijalipa. Kuibadilisha ni kumfanya mwenye chama asikitambue chama chake. Ndugu yake VICOBA ameenda mbali zaidi. Herufi zilianza kama Kiingereza cha benki ya jamii ya kijijini, masikio ya Waswahili yakasikia wingi wa ki na vi, na leo mtu anakwambia ana kikoba chake cha Jumamosi. Hapo mfasiri hana kazi tena. Cha kuongeza ni maneno machache ya kueleza shughuli ya chombo, kwa sababu majina ya taasisi hufa. SUMATRA iliyosimamia mabasi yetu iligeuka LATRA mwaka 2019, na maandishi yaliyosema SUMATRA tu, bila kueleza kwamba ni mamlaka ya usafiri, kesho yatamfanya mtoto adhani ni kisiwa cha Indonesia. Hapa Urambo tuliwahi kuwa na OFC, shirika la Waingereza la mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Mashamba yake yaligeukia tumbaku, na herufi zake hazimwambii kitu kijana wa leo.

VFC nayo ilinipa somo kwa upande wa pili. Kwenye karatasi za soko la tumbaku utaikuta, lakini mkulima husema tumbaku ya mvuke, na hiyo nyingine, DFC, husema tumbaku ya moshi. Neno tayari lipo, zuri na fupi. Kifupisho kiwekwe mara moja tu, mahali panapozungumzia karatasi za mauzo, kwingine kote uandike mvuke. Na kile kinachotajwa mara moja tu katika maandishi yote hakihitaji herufi zozote: andika siku za kusubiri kati ya kupulizia dawa na kuvuna, basi.

Kosa langu la pili halikumponza mtu, nadhani, lakini ni la aibu zaidi maana lilionekana la kisomi. NPK ya tumbaku inayotumika sana kwetu ni 10:18:24. Nikafafanua kwa kujiamini: naitrojeni asilimia 10, fosforasi asilimia 18, potasiamu asilimia 24. Herufi ndivyo zinavyosema, sivyo? N, P na K ni alama za elementi hizo tatu. Ila kwa desturi ya biashara ya mbolea, namba ya pili haihesabu P yenyewe, inahesabu P2O5, na ya tatu inahesabu K2O. Fosforasi halisi ndani ya P2O5 ni kama asilimia 44, na potasiamu ndani ya K2O ni kama asilimia 83. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 hauna kilo 9 za fosforasi, una chini kidogo ya kilo 4.

Ukibaki ndani ya mifuko, hitilafu hii haionekani, kwa kuwa mapendekezo ya mifuko yote hutumia desturi ileile. Itaonekana siku karatasi ya maabara ya udongo itakapoandika P. Tuseme inataka kilo 20 za P kwa hekta. Anayefuata kipeperushi changu atagawa 20 kwa asilimia 18, apate kilo 111, mifuko miwili na ushee. Hesabu sahihi ni kama kilo 255, mifuko mitano. Ningeacha 10:18:24 peke yake, bila ufafanuzi, nisingemdanganya mtu. Ufafanuzi wangu ndio ulioingiza uongo ambao herufi hazikuwa nao.

Toleo la pili tulilipima kabla ya kulichapa. Tulimpa mkulima ukurasa wa jedwali peke yake, tukamtuma ghalani alete mfuko unaotajwa. Aliyerudi na mfuko sahihi hakuulizwa herufi zinasimamia nini. Aliyesita tulimuuliza ni wapi alipokwama, tukaandika upya mstari huo.

Toleo la kwanza bado linazunguka, hasa kama picha kwenye simu. Ukikutana na jedwali la mahindi lililoandikwa MKP na MKK, ni langu, na limekosewa. Kwenye MKP soma DAP, kwenye MKK soma CAN, kisha mwambie aliyekutumia alifute.