Urafiki Hubadili Kazi Yake



Mlituuliza, sisi watatu ambao nywele zetu zimekwisha kuwa nyeupe, ni kwa namna gani urafiki wetu umedumu tangu tulipokuwa watoto wa Kadutu, mjini Bukavu, hadi leo. Tulikuwa watano. Wawili wametangulia. Tumeketi pamoja mara tatu ili tupate kuwajibu, na jambo moja tumeliona wazi: urafiki haudumu kwa kubaki jinsi ulivyokuwa. Katika kila umri hupewa kazi mpya. Urafiki mwingi haufi kwa ugomvi. Hufa pale unapofika kwenye kivuko cha umri, mmoja akataka kuendelea na kazi ya zamani, na mwingine akiwa amekwisha kuvuka.

Utotoni hatukuchaguana. Tulichaguliwa na njia. Nyumba zetu ziliegemea mteremko mmoja, na mtoto aliyeshuka kuchota maji aliwakuta wengine wanne kwenye bomba lile lile. Mpira tuliufunga wenyewe kwa majani makavu ya migomba na kamba, na uliponyeshewa mvua ulikuwa mzito kama jiwe. Gololi tulicheza kwa zamu, na hapakuwa na mwamuzi. Anayedai kwamba gololi yake imegusa, na anayekana, walipaswa kumaliza shauri lao kabla giza halijaingia, kwa maana kesho yake hapakuwa na watoto wengine wa kucheza nao. Huo ndio urithi wa urafiki wa utotoni: kujifunza kubishana na mtu ambaye utamhitaji kesho.

Lakini tuwaambieni ukweli wote. Pale bombani tulikuwa watoto zaidi ya kumi, na wengi wao hatujui walipo. Urafiki uliofungwa na njia hufunguka familia inapohama mtaa. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kijana asijilaumu kwa kuwa rafiki wa darasa la pili amegeuka kuwa mtu wa kusalimiana tu. Kazi ya urafiki ule imekamilika.

Kivuko cha kwanza kilikuja shule ya sekondari ilipotutawanya, huyu Ibanda, yule Bagira, mwingine kwenye bweni nje ya mji. Sasa kuonana kulitaka nia. Anayekutembelea kwa kupanda mteremko wa saa nzima siku ya Jumapili hakuletwa na njia, amekuchagua. Na kazi ya urafiki ikawa siri. Kijana anatafuta mtu wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia baba yake.

Hapa ndipo vijana wengi huumia, kwa sababu hutoa siri kubwa kwa rafiki mpya. Yoshua bin Sira, katika sura ya sita ya kitabu chake, anashauri kwamba rafiki apatikane kwa kujaribiwa, wala asiaminiwe kwa haraka. Sisi tulilifanya jambo hilo bila kujua kwamba limeandikwa. Tulianza na siri ndogo, ambayo hata ikitoka haivunji nyumba: alama mbaya za hesabu, hofu ya mwalimu fulani. Tulingoja. Siri ndogo ikirudi kwetu kwa kinywa cha mtu wa tatu, hatukugombana na aliyeitoa. Tuliendelea kucheza naye mpira, lakini siri kubwa hakupewa. Kuna rafiki wa mchezo na kuna msiri. Kumnyima mmoja kazi ya mwingine si kumchukia.

Kisha yakaja maisha ya watu wazima, na vita. Mwaka 1996 tulitawanyika. Mmoja wetu alivuka Ziwa Tanganyika pamoja na watoto wake akaishi miaka kadhaa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Barua ilipita mikononi mwa wasafiri na wachuuzi, na nyingine haikufika. Wahenga husema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kweli hatukuweza kumsaidia. Tulichoweza ni kimoja: kwenda kumwona mama yake mzee, aliyekataa kukimbia, na kumwandikia mwanawe kwamba tumemwona, anakula, anatembea. Rafiki aliye mbali hahitaji maneno mengi ya huruma. Anahitaji macho yako mahali ambapo macho yake hayafiki.

Tuliporudiana tulianzisha likelemba, na hapo urafiki wetu ulipimwa kuliko wakati wa vita. Tuwaelezeni hesabu yake, maana wengi wenu mtaingia katika likelemba na marafiki zenu. Watu watano, kila mmoja dola 20 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja anapokea dola 100, na baada ya miezi mitano mzunguko umetimia. Fedha hizo zilinunua mabati, zililipa karo, zilianzisha meza ya biashara sokoni. Hakuna riba na hakuna karatasi. Dhamana ni uso wa mtu.

Katika mzunguko mmoja, mwenzetu alipokea mwezi wa pili, na punde mshahara wake ukakatika. Hakuweza kutoa mwezi wa tatu, wala wa nne, wala wa tano. Pengo likawa dola 60: watu watatu waliosubiri zamu, kila mmoja alipokea 80 badala ya 100. Pengo lenyewe lilikuwa dogo. Kilichotutisha ni dalili nyingine. Mwenzetu alianza kupita njia ya juu ili asikutane nasi. Baada ya Misa alitoka kwa mlango wa pembeni. Tukimwita alisema yuko mbioni. Vijana, shikeni dalili hiyo. Deni lenyewe haliui urafiki; aibu ndiyo huua, na aibu hujionyesha miguuni kabla haijajionyesha mdomoni.

Tulikubaliana mambo matatu. La kwanza, hakuna atakayemtumia ujumbe kwa mtu mwingine, wala kwa mke wake, kwa maana deni likipita mdomo wa tatu hugeuka kuwa sifa mbaya. La pili, wangekwenda wawili tu. Wote wanne tungefanana na baraza la hukumu, na mmoja peke yake angeweza kusukumwa na hasira au huruma. La tatu, tungetaja tarakimu, si tabia. Hatukusema, «Umetusahau.» Tulisema, «Zimebaki dola 60. Unaweza kutoa ngapi kwa mwezi bila watoto kulala njaa?» Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, «Tano.» Dola 5 kwa miezi 12 ni dola 60. Tulikubali, na mzunguko uliofuata tulimpa zamu ya mwisho, kwa kuwa mtu wa mwisho hutoa kabla ya kupokea, na hivyo heshima yake ililindwa bila yeye kuomba. Alilipa zote. Tangu siku ile tunashika kanuni hii: kiasi usichoweza kukisamehe, usikiweke mkononi mwa rafiki. Si kwa sababu hafai, bali kwa sababu siku fedha ikikwama utalazimika kuchagua kati ya fedha na mtu.

Katikati ya umri, urafiki ulipata kazi nyingine tena: kusikiliza bila kutengeneza. Mmoja wetu alifiwa na mke wake. Siku za matanga nyumba ilijaa watu, nyimbo, na sufuria za chakula. Baada ya matanga kila mtu alirudi kwake, na huo ndio wakati mgumu. Mwenzetu mwingine alianza kumtembelea kila Alhamisi jioni na furushi la sambaza. Walizikaanga, wakala. Majuma ya kwanza mjane hakusema lolote juu ya marehemu, na mgeni hakumuuliza. Katika juma la saba au la nane alianza kueleza mwenyewe, usiku mmoja, hadi taa ikaishiwa mafuta. Mgeni alituambia baadaye kwamba neno lake lilikuwa moja tu: «Endelea.» Kama angekuja mara moja na mawaidha ya saa tatu, mlango usingefunguka. Siku isiyobadilika ndiyo iliyoufungua.

Hata hivyo msiri ana mipaka. Mambo ya ndoa ya rafiki tuliyasikia, lakini hatukuyabeba hadi kwa wake zetu, wala hatukumsaidia mtu kumhukumu mwenzi wake ambaye hakuwapo kujitetea. Na palipokuwa na kipigo nyumbani, au mtu aliyenena juu ya kujiua, hatukuiita siri. Tulimwambia mwenyewe waziwazi, «Jambo hili halibaki kati yetu,» kisha tukamsindikiza kwa yule awezaye kusaidia. Siri inayoficha hatari haimlindi rafiki.

Sasa tumefika uzeeni. Magoti hayapandi tena mteremko, na sikio moja limeziba, hivyo ziara zimekuwa fupi na simu hupigwa asubuhi, kabla mji haujapiga kelele. Kazi ya urafiki leo ni ushahidi. Watoto wetu wanatujua kama baba na babu. Hakuna kati yao aliyewahi kutuona tukilia kwa sababu ya gololi. Mwenzetu wa tano alipofariki, tuligundua kwamba pamoja naye limezikwa jina la utani ambalo mama wa mmoja wetu alimwitia, maana yeye pekee alikuwa bado analitumia. Wazee hurudia hadithi zile zile, nanyi mnachoka kusikiliza. Jueni kwamba mzee mara nyingi anahakikisha kama bado yupo mtu wa kusema, «Ndiyo, nakumbuka.»

Jambo hili si letu pekee. Agostino na Alipio walikuwa watu wa mji mmoja, Tagaste, ambao leo uko nchini Algeria. Alipio, aliyekuwa mdogo kwa umri, kwanza alikuwa mwanafunzi wa Agostino, kisha mwenzake wa njia. Walibatizwa pamoja Milano, Pasaka ya mwaka 387. Waliporudi Afrika hawakubaki nyumba moja: mmoja akawa askofu wa Hipo, mwingine wa Tagaste, na urafiki wao ukaendelea kwa barua, safari na kazi za pamoja. Mwalimu na mwanafunzi, kisha wenzi, kisha wazee wawili wenye majukumu katika miji miwili. Watu ni wale wale, kazi ya urafiki si ile ile.

Ndiyo maana hatuwaombi muwe na marafiki wengi. Tunawaomba mtazame marafiki mlio nao, na kuuliza wako kwenye kivuko gani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kati ya marafiki zako, nani aliletwa na njia, na nani alipanda mteremko ili akuone?
2. Yuko rafiki ambaye siku hizi anapita njia nyingine ili asikutane nawe? Nani wawili wanaweza kumwendea, na watamwambia nini?
3. Ni mzee gani wa parokia yetu aliyebaki peke yake kati ya wenzake? Nani atamtembelea, na siku gani ya juma?