Miwa ya Shambani Haikulipa Dizeli

Saini iliyoidhinisha mkopo ule ni yangu. Nilikuwa nasimamia mauzo ya mkopo katika kampuni ya kusambaza dizeli mjini Kisumu, na kiwanda kimoja cha sukari cha ukanda wa Nyando kiliomba kuletewa mafuta ya matrekta ya kubeba miwa, kilipe baada ya siku 30. Niliomba hesabu zao zilizokaguliwa, nikazisoma, nikakubali. Kiwanda sitakitaja, na tarakimu nimezibadilisha kisitambulike, lakini uwiano wake ni uleule.

Nilipiga hesabu mbili tu. Mali ya muda mfupi ilikuwa shilingi milioni 900, na madeni ya kulipwa ndani ya mwaka milioni 600. Ukigawa unapata 1.5, maana yake kila shilingi ya deni ina shilingi moja na nusu ya kuikabili. Kisha nikachukua faida kabla ya riba na kodi, milioni 180, nikaigawa kwa riba ya mwaka, milioni 60. Faida ilitosha kulipa riba mara tatu. Nikaona kiwanda kiko imara.

Hesabu zenyewe hazikuwa na uongo. Kosa ni kwamba sikufungua kurasa za maelezo zilizo nyuma ya mizania, ambako zile milioni 900 zilikuwa zimechambuliwa. Milioni 330 zilikuwa miwa ya kiwanda iliyokuwa ingali shambani. Tangu 2016, kanuni za kimataifa za uhasibu hutenganisha shina la muwa, linalochipua tena baada ya kukatwa, na muwa wenyewe unaokua juu yake. Shina huandikwa pamoja na mitambo. Muwa unaokua hukadiriwa kwa bei ya soko, na kiwanda hiki kiliuweka katika mali ya muda mfupi. Kihasibu hapana kosa. Lakini muwa wa huku huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kukomaa, na hauwi pesa mpaka ukatwe, ubebwe, usagwe na sukari iuzwe. Kuubeba kunahitaji dizeli. Mali niliyoitegemea inilipe ilikuwa inangoja mafuta yangu ndipo igeuke pesa.

Milioni 210 nyingine zilikuwa mbolea, mbegu na gharama za kulima walizokopeshwa wakulima, ambazo kiwanda hukata mkulima anapoleta miwa. Akiipeleka kwa kiwanda jirani au kwenye kinu cha sukari guru, hakuna cha kukata. Milioni 200 zilikuwa vipuri ghalani, na hakuna anayeuza gia za kinu ili alipe bili ya mafuta. Zilizobaki ni milioni 120 walizodaiwa wanunuzi wa sukari na milioni 40 taslimu. Jumla milioni 160 dhidi ya deni la milioni 600: senti 27 kwa kila shilingi.

Riba nayo ilinipita vivyo hivyo. Ndani ya faida ya milioni 180, milioni 130 zilikuwa ongezeko la thamani ya miwa ileile ya shambani. Bei ya tani ilikuwa imepanda, miwa ikakadiriwa upya, na tofauti ikaingia kwenye faida bila mtu yeyote kulipa hata senti. Ukiiondoa inabaki milioni 50, nayo haifikii riba ya milioni 60. Taarifa ya mtiririko wa fedha ilikuwa ukurasa wa pili tu kutoka hapo, nayo ilisema wazi kwamba shughuli za kiwanda zilimeza pesa mwaka ule na pengo likazibwa kwa ovadrafti. Niliipita kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata majibu niliyoyataka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na habari hata bila vitabu. Wakulima wa njia ya Awasi kwenda Muhoroni walilalamika waziwazi kuwa wamepeleka miwa na hawajalipwa kwa miezi. Niliyachukulia kuwa malalamiko ya kila msimu. Kumbe hao ndio wadai wa kwanza wa kiwanda cha sukari, na kiwanda kisichoweza kumlipa aliyeleta miwa hakina cha kumlipa aliyeleta mafuta. Tena si kwamba eneo letu halina mifano. Kiwanda cha Muhoroni kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2001. Mumias, ambayo hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, iliwekewa meneja mrasimu na benki ya KCB mwaka 2019.

Siku 30 zilipita, zikaja ahadi, kisha hundi ndogondogo. Kampuni yetu ililazimika kukopa ili kumlipa aliyetuuzia mafuta, na madereva wakacheleweshewa mishahara kwa sababu ya karatasi niliyoitia saini. Niliwaeleza mmoja mmoja ilivyotokea. Siku hizi, kabla ya kugawa chochote, naomba orodha ya wadai ikiwa imepangwa kwa umri wa deni, na mstari wa kwanza ninaoutafuta ni wa wakulima.