Sufuria ya Kuazima

Mgeni asiyekula chakula chako huwa hasemi. Anachukua soda, anazungusha kijiko kwenye sahani, anakwambia ameshiba, ametoka kula. Nimemwona mhariri wetu akifanya hivyo kwenye sherehe zaidi ya moja za ofisini, maana yeye anakula halali tu na hakuna aliyejisumbua kumwambia nyama imetoka wapi. Alipopata kazi mkoa mwingine nikasema, huyu tutamuaga kwangu, na atakula.

Tulikuwa sita. Pamoja naye alikuja mpiga picha wetu, Mhindu asiyegusa nyama, samaki wala yai, na baba mdogo wangu mwenye vidonda vya tumbo. Jibu la haraka ni kupika vyungu vitatu: kuku wa mhariri, mboga za mpiga picha, na mchuzi mweupe wa mzee. Sikulipenda. Ukipika hivyo kila mtu anakula kivyake kama yuko wodini. Nilitaka meza moja, chakula kikuu wakile wote, na cha ziada kiwe pembeni.

Kwanza niliwapigia simu. Neno "viungo" linachanganya watu: baba mdogo hana shida na kitunguu saumu, kinachomuunguza ni pilipili, pilipili manga na tangawizi. Mpiga picha anakula vitunguu na maziwa; kuna wenzake wasiokula hata kitunguu, kwa hiyo ni lazima kuuliza. Mhariri alicheka tu, akasema, "Mdogo wangu, samaki hachinjwi." Kweli, samaki anakuondolea swali zima la nani kachinja. Likabaki la vyombo. Kwangu kitimoto huwa kinapikwa, na sikutaka ale huku anaijiuliza kuhusu kikaango. Nikaenda kwa mama jirani, Mwislamu, nikaazima sufuria mbili, kikaango, ubao na miiko. Nilipomwambia sababu, akaniongezea na mbuzi ya kukunia nazi.

Menyu ikawa hii: wali wa nazi, maharage ya nazi, mchicha, samaki changu wa kuoka, kachumbari, na ndizi mbivu za nazi mwishoni.

Maharage ndiyo yaliyobeba meza. Asiyekula nyama huwa tunampa wali na kachumbari tukidhani tumemkirimu, wakati hapo hakuna kitoweo. Nililoweka nusu kilo usiku kucha, asubuhi nikamwaga yale maji, nikachemsha kwa maji mapya hadi punje ikabonyea kwa vidole. Kisha vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, chumvi, tui jepesi, na tui zito mwishoni kabisa. Hapo moto uwe mdogo na mwiko usitoke mkononi. Likichemka kwa nguvu tui linakatika, unaona mafuta yanaelea na chembechembe nyeupe chini.

Kinachoharibu chakula cha namna hii ni vitu vidogo. Kile kidonge cha kuongeza ladha, chenye picha ya ng'ombe au kuku, ukikitia kwenye maharage umeshamtoa mpiga picha mezani, na mhariri umemrudisha kwenye maswali. Jeli ni vivyo hivyo: jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, hivyo ile bakuli jekundu la watoto inakataliwa na wageni wawili kwa mpigo. Ndiyo maana nikachagua ndizi.

Utaratibu nao una kazi. Nilipika wali, maharage na mchicha kwanza, samaki nikamuacha wa mwisho, kila chungu na mwiko wake. Samaki nilimpaka ndimu, chumvi na kitunguu saumu, basi. Pilipili mbuzi niliikata baada ya kachumbari kuwa tayari, kwa kisu kingine, maana ubao ukishaguswa na pilipili, nyanya utakazokatia hapo zitamfikia mzee. Niliichanganya na embe bichi, ndimu na chumvi, nikaiweka kwenye kibakuli chenye kijiko chake, upande wa mbali na baba mdogo.

Kabla hatujaanza nilitaja kila chungu na kilichomo, na kwamba sufuria ni za mama jirani. Mhariri akauliza, "Za kwake kweli?" Nikamwambia ndiyo. Akavuta bakuli la samaki, akajipakulia. Baba mdogo alirudia maharage mara mbili. Mpiga picha alimaliza karibu pilipili yote peke yake, akataka kujua kama embe lilikuwa limemenywa au la.

Lilikuwa limemenywa. Na mhariri hakugusa soda mpaka alipomaliza kula.