Tlela na Kaunti

Ripoti yangu kuhusu Kiswahili cha wakulima wa miwa wa Rongo ilikuwa na makosa, na yote ni yangu. Nilirekodi mazungumzo kwenye mizani za miwa, mahali Mjaluo, Mkisii na Mluhya wanapoelewana kwa Kiswahili, nikayachapa yakawa kopasi ya maneno 100,000.

Nilitaka kujua neno “miwa” huandamana na yapi. Nikachagua kipimo cha MI kwa sababu ndicho nilichokizoea. Kilichopanda kileleni ni “tlela”. Nikaandika aya nzima kwamba huenda ni istilahi ya wenyeji. Kumbe ni “trela” niliyoikosea mwenyewe kwenye kibodi, mara moja tu, kando ya “miwa”.

Hesabu yake hii hapa. “Miwa” ilitokea mara 400, “tlela” mara 1. Kwa bahati tupu zingekutana mara 400 × 1 / 100,000, yaani 0.004. Zilikutana mara 1, kwa hiyo:

```
MI = log2(1 / 0.004) = 7.97
```

Sasa tazama kitenzi “kata” na maumbo yake yote, kama wanakata na tukikata. Kilitokea mara 250, na mara 60 kikafuatwa na “miwa”, ilhali bahati ingetoa mara 1. MI yake ni 5.91. Shughuli inayowatoa watu jasho ikawa chini ya kosa la kidole! MI hugawa kwa matarajio tu, na neno adimu lina matarajio madogo mno.

Kipimo cha log-likelihood kingeniokoa nusu: “kata miwa” hupata takriban 398, “tlela” 11. Lakini hata hiyo 11 inavuka kizingiti cha 3.84 ambacho wengi hukiamini, kwa hiyo ilinibidi pia kuyaondoa maneno yaliyokutana na “miwa” chini ya mara 5. Kwa kupanga orodha sasa natumia logDice, ambayo haipandi kwa sababu ya uadimu peke yake: 11.56 dhidi ya 6.35.

Kosa la pili lilinifedhehesha zaidi. Nililinganisha kopasi yangu na ile ya Helsinki, iliyojaa magazeti ya Tanzania na mijadala ya Bunge lao. “Kaunti” na “gavana” yakaongoza, nami nikatangaza kwamba wakulima wamezama katika siasa za ugatuzi. Mzee mmoja wa Kamagambo alinisikia akacheka: “Mwalimu, sisi tulikuwa tunalia na tani.” Tanzania haina kaunti wala gavana wa kaunti, kwa hiyo nilichopima ni mpaka wa nchi.

Nilipolinganisha upya na makala za Taifa Leo, maneno hayo mawili yaliporomoka. “Mizani” na “tani” yakabaki juu. Nikakagua yametoka kwa nani. “Tani” ilisemwa karibu katika kila rekodi. “Mizani”, zaidi ya nusu, ni ya dereva mmoja wa trekta aliyekuwa na kesi yake, na sijaiandika tena kama sauti ya wakulima.